Kambi ya Siku Tano, Mfano Mmoja wa Mpanzi

Juni, shule zinapofungwa, asubuhi za Sumbawanga ni za baridi kali, kwani mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kijana aliyeamshwa alfajiri kambini hawezi kumsikiliza mhubiri kwa saa nzima. Dakika 25 zinatosha kwa ibada ya asubuhi: wimbo, somo, maelezo ya dakika saba, zoezi la dakika kumi, sala, kisha uji.

Kinachoharibu ibada hizi ni kila mlezi kuja na mada yake. Leo toba, kesho uchumba, keshokutwa mitihani. Ukimwuliza kijana jioni asubuhi walijifunza nini, anataja wimbo tu. Kwa Ufipa ningechukua somo moja kwa siku zote tano: mfano wa mpanzi, Marko sura ya 4.

Siku ya kwanza ni njia. Kikombe kimoja cha maji kinamwagwa kwenye kijia kilichokanyagwa, kingine kwenye udongo uliolimwa, na vijana wanatazama maji yanakwenda wapi. Siku ya pili, mwamba: miche ya maharage inasimamishwa kwenye udongo mwembamba juu ya jiwe, nao wanairudia mchana kuona ilivyonyauka. Maharage hayo yaloweshwe na kufunikwa kitambaa chenye unyevu karibu na meko siku kadhaa kabla ya kambi, maana kwa baridi hii hayaoti upesi. Siku ya tatu, miiba, kila mmoja anaandika kinachomsonga, na karatasi hiyo haisomwi na mtu mwingine.

Hapa ndipo hatari ilipo. Vijana huanza kuitana mwamba na miiba, na aliyejiona humo huacha kusikiliza. Utamjua: amekaa nyuma, na zoezi anamwachia jirani.

Kwa hiyo siku ya nne, ya udongo mzuri, watolewe shambani, kwa ruhusa ya mwenye shamba, wakaone tuta la mviringo la Wafipa, intumba. Mvua zinapoelekea ukingoni, mkulima hukwatua nyasi na magugu, akayarundika na kuyafukia kwa udongo, na juu yake hupanda maharage. Tuta hukaa kiangazi chote. Mvua mpya zikianza, husambazwa, na hapo hupandwa ulezi. Mzee mmoja afungue tuta kwa jembe, vijana washike majani yaliyoanza kuwa meusi na kuvunjika vidoleni. Kisha aulize: hii ilikuwa nini mwezi Machi? Ilikuwa magugu. Marko anataja udongo mzuri bila kueleza ulivyopatikana, lakini Mfipa anajua kwamba udongo hutengenezwa, tena kwa vile vile vilivyolisumbua shamba. Kijana aliyeandika karatasi ya miiba jana asikie hilo kwa mzee, si kwa mhubiri.

Siku ya tano ni mavuno: thelathini, sitini, mia. Yote yanapokelewa, kwa hiyo mlezi asiwapange vijana kwa kulinganisha. Kila mmoja achague jambo moja dogo la kufanya nyumbani wiki hiyo, amwambie mwenzake wa kijiji kimoja, na huyo ndiye atakayemwuliza Jumapili.