Mshono wa Kiuno Ukae Wapi?

Mteja anapofika kwa fundi na kitenge chake, fundi humpima mabega, kifua, kiuno, nyonga na urefu wa gauni. Lakini mahali utakapopita mshono wa kiuno, yaani pale sehemu ya juu inapokutana na sketi, mara nyingi huamuliwa na picha iliyomo kwenye simu: "Fundi, nishonee kama hili." Aliyevaa gauni la pichani huenda ana futi tano na inchi kumi, na mteja ana futi tano na inchi tatu. Gauni linatoka zuri kwenye meza ya kupigia pasi, likivaliwa linamfanya mtu aonekane kakatwa katikati, na lawama zote zinamwangukia fundi.

Mshono wa kiuno hugawa urefu wa gauni vipande viwili, cha juu na cha chini, na mtazamaji huvilinganisha bila kujua kwamba anavilinganisha. Kipande kirefu ndicho kinachotawala. Sketi ikiwa ndefu kuliko sehemu ya juu, miguu huonekana kama inaanzia kwenye mshono. Sehemu ya juu ikizidi, kiwiliwili ndicho kinachoonekana kirefu na miguu inafupika. Vipande vikilingana kabisa, jicho halijui liende wapi, nalo hutua palepale kwenye mstari.

Tumchukue huyo wa futi tano na inchi tatu. Kuanzia juu ya bega, karibu na shingo, hadi kiunoni ana inchi 16. Hadi chini ya matiti ana inchi 13. Goti lake liko kama inchi 36 kutoka begani, na gauni analolitaka lina inchi 40, yaani upindo unaishia inchi chache chini ya goti.

Akishonewa mshono kwenye kiuno chenyewe, atakuwa na inchi 16 juu na 24 chini. Hiyo ni mbili kwa tatu, mgawanyo ambao kwa watu wengi hutulia machoni bila juhudi. Akitaka kiuno cha juu, mshono ukapanda inchi moja na nusu, juu zinabaki kumi na nne na nusu, chini ishirini na tano na nusu, na tayari miguu imeongezeka kidogo. Mtindo wa empaya, ambao mshono wake hupita chini ya matiti, utampa 13 juu na 27 chini: sketi inazidi mara mbili ya sehemu ya juu. Kiuno cha kushuka, tuseme inchi 6 chini ya kiuno chenyewe, kitageuza mambo kabisa: 22 juu, 18 chini.

Sasa mteja huyohuyo kachagua kiuno cha kushuka, halafu siku ya kuja kujaribu anasema, "Fundi, niongezee urefu kidogo, kama inchi nne hivi, nina kikao cha harusi." Gauni linafika inchi 44: juu 22, chini 22. Nusu kwa nusu. Upindo nao umetua katikati ya shavu la mguu, penye unene. Hakuna aliyekosea kipimo, wala mshono haujapinda, lakini gauni limeharibika. Angelifupisha hadi gotini, inchi 36, angekuwa na 22 kwa 14, na mtindo ungesimama. Ndiyo sababu mimi huona ni kazi bure kujadili mshono wa kiuno kabla ya kuamua upindo. Viwili hivyo huamuliwa pamoja, na kimoja kikisogezwa, cha pili kiulizwe upya.

Wanawake wa Paris wa miaka ya 1920 walikuwa na mahesabu hayo mikononi. Kiuno cha gauni kilishuka hadi nyongani, na kadiri miaka ilivyosonga upindo ulipanda, hata kufikia mwaka 1926 hivi ukawa unacheza karibu na goti. Gauni lilining'inia kutoka mabegani kama bomba, kifua na kiuno vikapotea, na miguu ikapata nafasi ya kuonekana. Mtindo huu humfaa zaidi mwenye kiwiliwili kifupi na miguu mirefu, kwa sababu unamwongezea pale alipopungukiwa. Mwenye kiwiliwili kirefu humrefushia kilicho kirefu tayari.

Kiuno cha kushuka kina mtego mwingine wa kifundi. Mshono ukipita kwenye sehemu pana kuliko zote ya nyonga, unakuwa kama mstari uliochorwa kuonyesha upana huo, na marinda yakianzia hapo upana unaongezeka tena. Afadhali uishie inchi mbili juu ya hapo. Halafu lazima uwe na nafasi. Mtu akikaa, nyonga hutanuka, hivyo mshono uliobana sawasawa na mwili aliyesimama utatafuta pa kupumulia, nao utapanda kuelekea kiunoni, mahali pembamba. Dalili yake ni mikunjo ya kulala inayojikusanya tumboni kila anaponyanyuka kwenye kiti. Inchi mbili za ziada kuzunguka nyonga huondoa shida hiyo.

Empaya ndiyo inayoagizwa sana huku kwetu, hasa na wanaotaka kuficha tumbo, na ndiyo inayowaangusha wengi. Mtindo ulikuwapo Ufaransa tangu miaka ya mwisho ya 1790, ukachukua jina la enzi ya Napoleoni aliyejitawaza kuwa mfalme mkuu mwaka 1804. Katika mchoro mkubwa wa Jacques-Louis David unaoonyesha kutawazwa huko, Josefina amepiga magoti katika gauni ambalo kiuno chake kiko chini kidogo ya kifua. Kwa siku za kawaida, kitambaa kilichoupa mtindo sifa kilikuwa melimeli ya pamba kutoka India, nyepesi na laini. Kitambaa cha namna hiyo kikikusanywa chini ya kifua hakisimami. Huanguka moja kwa moja hadi miguuni, na mtu mfupi akaonekana kama nguzo ndefu.

Kitenge cha nta hakina tabia hiyo. Ni pamba nzito, ngumu, hasa kabla hakijafuliwa. Ukikikusanya marinda chini ya matiti, hakianguki, bali hutoka mbele kama mwavuli uliofunguliwa nusu, na tumbo ambalo mteja alitaka kulificha linakuwa la kwanza kuonekana. Shangazi wataanza kuuliza lini. Dawa yake si kuacha empaya, ni kuacha marinda. Sketi ikatwe iwe nyembamba juu na ipanuke taratibu kuelekea chini, ili upana uanzie chini ya tumbo. Anayetaka marinda atafute shifoni, krepu au pamba laini.

Kosa la pili la empaya liko kwenye kipimo. Njia ya mbele, kutoka begani hadi chini ya matiti, hupanda juu ya kifua na kushuka, kwa hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana, na kwa mwenye kifua kikubwa tofauti huwa kubwa zaidi. Fundi akishika futi yake ikanyooka hewani badala ya kufuata mwili, kitambaa cha mbele kitapungua, na mshono utapanda na kukaa juu ya matiti. Kulitambua hilo, msimamishe mteja ubavu ubavu. Mshono unapaswa kwenda sambamba na sakafu kutoka mgongoni hadi mbele. Ukiona unapanda kuelekea kifuani, mbele ni fupi. Kuulegeza au kuukaza hakusaidii, kinachotakiwa ni kitambaa zaidi, na kama hakikuachwa cha akiba ndani, hakuna la kufanya.

Kiuno chenyewe kinaonekana rahisi kwa kuwa kila mtu anadhani anajua kiuno chake kiliko. Wengi huonyesha pale wanapofungia suruali, na hapo si penyewe. Mfunge mteja lastiki nyembamba tumboni, mwambie ainame kushoto na kulia mara kadhaa. Lastiki itajitafutia mahali pembamba na kutulia. Hapo ndipo. Pima kutoka begani hadi kwenye lastiki, mbele na nyuma, kila upande kwa kipimo chake. Mshono ukishonwa inchi moja chini ya hapo, sketi itakamatwa na nyonga, isukumwe juu mtu anapotembea, na mikunjo ijikusanye juu ya mshono. Ukishonwa juu mno, utaonekana vizuri akisimama wima, lakini akiinua mikono kushangilia unahama.

Wanaodhani mshono peke yake hutengeneza kiuno chembamba wamtazame Christian Dior. Tarehe 12 Februari 1947 alionyesha mjini Paris mavazi yenye kiuno kilichobanwa na sketi pana mno, na picha za koti lake liitwalo Bar zimesambaa hadi leo. Koti hilo lilikuwa limejazwa vitambaa nyongani ili kutanua chini ya kiuno. Wembamba ulitokana na upana uliouzunguka. Fundi wa mtaani hufanya vivyo hivyo akimshonea mtu asiye na nyonga sketi ya marinda, na mteja huondoka akisema gauni limempa shepu. Kwa mwenye nyonga pana tayari, marinda hayo yapunguzwe pembeni, yawekwe mbele na nyuma.

Kiuno cha juu sina mengi ya kukisemea. Ni marekebisho zaidi kuliko mtindo, na ndilo chaguo ninalompa mwenye kiwiliwili kirefu anayeogopa empaya. Aangalie mkanda tu. Mkanda wa inchi tatu unakula inchi tatu za gauni, na ukiwa mweusi juu ya gauni jeupe, mstari wake unashinda mshono wowote. Mkanda wa kitambaa kilekile huonekana kidogo, mgawanyo ukalainika. Hata dera, ambalo halina mshono wa kiuno, hupata mgawanyo wake mara tu mwenyewe anapojifunga khanga kiunoni kwenda jikoni.

Maua ya kitenge nayo yana kauli. Kitenge chenye miduara mikubwa iliyopangwa kwa mistari ya kulala huchora viuno vyake vyenyewe, na safu ya miduara ikitua inchi mbili chini ya mshono, gauni linakuwa na mistari miwili inayogombana. Kabla ya mkasi kugusa kitambaa, mteja ajifunge kitenge mbele ya kioo na kukisogeza juu na chini hadi ajue safu ipi ikae wapi. Mafundi wengine hununa wakiona hivyo, hasa foleni ikiwa ndefu wiki ya sikukuu, lakini katika doti moja ya kitenge nafasi ya kusogeza ni chache, na ikishakatwa haipo tena.