Kilemba Mbele, Herufi Nyuma

Kwenye majalada mengi ya jarida la TIME, kichwa cha mtu aliyepigwa picha hufunika sehemu ya jina la jarida. Herufi hukaa nyuma yake, mandhari nyuma ya herufi, na picha bapa ikaonekana kuwa na kina. Wasomaji wanalijua jina hilo miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo hawapotei. Bango la onyesho la taarab halina bahati hiyo: neno lake lazima lisomeke papo hapo.

Chukua picha ya mwimbaji aliyevaa kilemba, ameshika maikrofoni, nyuma yake pazia jekundu. Ndani ya Photoshop, dizaina hubonyeza Ctrl+J kupata nakala ya picha kwenye leya ya pili, kisha huandika TAARAB na kuiweka leya ya maandishi katikati ya picha hizo mbili. Neno hutoweka. Si kosa, limefunikwa na nakala ya juu. Hapo huichagua nakala hiyo, huenda Select > Subject, kisha huiongezea maski. Pazia la nakala linafichwa, mwimbaji anabaki, na herufi zinachomoza nyuma ya kilemba.

Maski hufuata rangi: palipo peupe panaonekana, palipo peusi panafichika, kijivu huonyesha nusunusu. Uzuri wake ni kwamba haifuti kitu. Kidole kikikatwa, brashi nyeupe hukirudisha.

Kwa kuwa picha ya chini ni ileile, kasoro ya ukingo haionekani ila pale unapopita juu ya herufi. Basi hakuna haja ya kuhangaika na gauni lote. Kazi iko kwenye kilemba, hereni na mkono. Kuza picha na utazame ukanda mwekundu wa pazia ulioganda pembeni mwa kilemba, hasa juu ya herufi nyeupe. Ukiuona, pitisha brashi nyeusi laini, kidogo kidogo. Tazama pia uwazi kati ya mkono na shingo: kama herufi inapita hapo, nayo ionekane, maana uteuzi wa kompyuta huusahau mara kwa mara.

Lakini linaloharibu mabango mengi zaidi ni mahali kichwa kinapoangukia. Kilemba kikificha mguu wa R, wapita njia watasoma TAAPAB. Kikiangukia sehemu ya chini ya A ya pili, kilele chake na mstari wa kati vikabaki wazi, neno halidhuriki. Herufi zetu hutambulika zaidi kwa nusu yake ya juu, kwa hiyo funika chini.

Kabla ya kupeleka faili kiwandani, chapa nakala ndogo, ibandike ukutani, na umwombe mtu asiyeijua kazi hiyo asome akiwa upande wa pili wa chumba. Akisita, sogeza maandishi, usiguse maski.