Korido isiyo na dirisha: anza na rangi, kioo baadaye

Nyumba nyingi hapa Makongolosi zina korido katikati na vyumba pande mbili. Milango ikifungwa, mchana unapapasa ukuta. Wasikilizaji wengi hufikiria kununua kioo kwanza. Sisi tunashauri uanze na rangi, kwa sababu kioo hakitengenezi mwanga. Kinarudisha ule kilioupokea.

Tuchukue korido ya mita 6. Dari na sehemu ya juu ya kuta zipake rangi nyeupe ya maji, isiyong'aa. Hiyo husambaza mwanga kila upande. Chini, hadi usawa wa kiuno, paka rangi ya mafuta ya krimu, ili vumbi letu na alama za mikono zifutike kwa kitambaa chenye maji. Nyeupe iliyoshika vumbi hunyonya mwanga.

Kisha jaribu kioo kabla ya kutoboa ukuta. Fungua mlango wa chumba chenye dirisha. Mwenzako ashike kioo ukutani, wewe simama penye giza. Ukiona dirisha ndani ya kioo, hapo panafaa. Ukiona ukuta wenye giza tu, kihamishe.

Usiku, au milango ikifungwa, kioo hakisaidii bila taa. Badala ya taa moja kubwa katikati, weka mbili za LED za wati 5, kila moja mita 1.5 kutoka mwisho wa korido. Hivyo kila taa inamulika mita 3, na pembe hazibaki gizani.