Timazi Kwanza, Ukuta Baadaye: Kusimamisha Fremu ya Mlango

Ukipita kwenye nyumba zinazojengwa utawaona mafundi wengi wakisimamisha fremu ya mlango kwa kuilinganisha na ukuta. Fremu ikikaa sambamba na uso wa tofali, au na plasta kama imeshapigwa, hufungwa hapo hapo na kazi huhesabiwa imekwisha. Hoja ya sura hii ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa. Ukuta ni mahali pa kufungia fremu tu, wala haufai kuwa kipimo chake. Kipimo ni timazi, na tofauti yoyote iliyopo kati ya timazi na ukuta hubebwa na kabari. Ili tusizungumze hewani, tuchukue mlango mmoja wa kawaida: ubawa wenye upana wa milimita 800 na urefu wa milimita 2000, unaotakiwa kuingia kwenye uwazi wa milimita 900 ulioachwa katika ukuta wa matofali ya saruji, chini ya linta.

Fremu yenyewe ni rahisi: miimo miwili na kichwa, vyote vya mbao ya milimita 100 kwa 50. Kwenye kona ya ndani ya kila mbao huchongwa kidato chenye kina cha milimita 12, na humo ndimo ubawa utakamokaa ukifungwa. Kutoka kidato hadi kidato tunahitaji milimita 805, yaani upana wa ubawa pamoja na nafasi ndogo kila upande. Ukiongeza milimita 38 za mbao iliyobaki nyuma ya kidato kila upande, fremu nzima inafika milimita 881. Kwa hiyo katika uwazi wa 900 inabaki nafasi ya karibu milimita 9 na nusu kila upande. Wako mafundi wanaoiona nafasi hiyo kuwa hasara, wakatengeneza fremu pana inayoingia kwa kugongwa. Kumbe nafasi hiyo ndiyo inayokupa uhuru wa kuisimamisha fremu wima hata ukuta ukiwa umelala.

Miimo huunganishwa na kichwa kwa ulimi na tundu. Ulimi huchongwa kwenye mwimo, tundu hutobolewa kwenye kichwa, kisha kiungo hukazwa kwa gundi na kabari ndogo. Tatizo liko chini. Fremu ya mlango wa ndani kwa kawaida haina kizingiti, hivyo miguu ya miimo iko huru kabisa kutanuka au kubanana. Dawa yake ni ubao wa muda unaopigiliwa chini ya miimo, uliokatwa ili upana wa chini ulingane na wa juu, pamoja na kipande cha mshazari kwenye kona moja. Kabla ya kupigilia mshazari huo, pima kutoka kona hadi kona kwa njia zote mbili. Katika fremu yetu kila kipimo kinapaswa kuwa karibu milimita 2165. Kichwa kikisogea pembeni milimita 5 tu, vipimo hivyo viwili vitapishana kwa karibu milimita 4, tofauti ambayo futi ya chuma huionyesha wazi ingawa jicho halioni kitu. Na kwa kuwa mgongo wa fremu hautafikiwa tena na brashi, upakwe rangi au dawa ya mchwa sasa, pamoja na ncha za miguu, ambako mbao hunyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kwa nini timazi iwe na neno la mwisho? Kwa sababu mlango huzunguka kwenye mstari unaopita katikati ya bawaba, na mstari huo ukilala, uzito wa ubawa huamua wenyewe uende wapi. Mwimo wa bawaba ukiinamia chumbani, mlango utajifungua mpaka usimame ukielekea ndani. Ukiinamia upande wa kitasa, utajifunga wenyewe. Ukiinamia upande wa pili, utajifungua hadi ugonge ukuta. Juu ya hayo kuna suala la nafasi. Tuseme kichwa cha fremu kiko sawa kabisa lakini mwimo wa bawaba umelalia upande wa kitasa kwa milimita 6 katika kila mita 2. Ubawa wa milimita 800 uliofungwa kwenye mwimo huo utashuka milimita 2.4 upande wa kitasa na kuacha mwanya wa kabari juu yake, na ukiinama kinyume chake utapanda kiasi hicho hicho. Nafasi iliyoachwa juu ya ubawa ni milimita 3, kwa hiyo imebaki chini ya milimita moja, na msimu wa mvua mbao ikivimba kidogo mlango utaanza kukwaruza. Hapo mwenye nyumba humwita fundi aje kuupiga randa, naye anaukata ubawa ambao haukuwa na kosa lolote.

Kazi yenyewe huanzia kwenye mwimo wa bawaba, si kwenye kichwa wala si pande zote kwa pamoja. Simamisha fremu kwenye uwazi, miguu yake ikifika usawa wa sakafu iliyokamilika. Kama vigae havijawekwa, usawa huo utafutwe kwa mpira wa maji kutoka alama moja inayotumika nyumba nzima. Fremu ikisimamishwa juu ya zege tupu na vigae vikaja baadaye, ndipo ubawa unapokatwa chini. Kisha kabari zinazobana kichwa dhidi ya linta ziwekwe juu ya miimo yenyewe. Ukigonga kabari katikati ya kichwa utakipinda kishuke, na mlango utabana hapo. Sasa piga msumari mdogo juu ya mwimo, ning'iniza timazi, na upime umbali kutoka uzi hadi mbao juu, katikati na chini. Umbali ukiwa mmoja mahali pote patatu, mwimo uko wima na pia haujapinda. Rudia kwenye uso wa pili wa mwimo, kwa sababu mbao inaweza kuwa wima ukiitazama mbele na ikawa imeinama ukiitazama ubavuni. Pima maji fupi haitoshi hapa. Ikiwekwa mahali pamoja kwenye mwimo wa mita 2 hupima kipande hicho tu.

Kabari ziende mbili mbili, moja ikiingizwa kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma, migongo yao ikitelezeana. Kabari moja peke yake hugusa mwimo kwa ukingo wake tu, na kila ukiigonga inausokota mwimo. Mbili zikipishana, nyuso za nje hubaki sambamba na mwimo husukumwa bila kusokotwa. Kwa nafasi yetu ya milimita 9 na nusu, zikatwe kutoka kipande cha mbao ngumu kilichokauka, urefu milimita 120, unene ukianzia milimita 9 na kuishia 1. Kwa mteremko huo, kabari ikiingia milimita 15 inaongeza unene wa milimita moja, na kugonga kidogo tu kunasogeza mwimo kwa sehemu ndogo ya milimita. Hakuna fundi anayeweza kusukuma fremu kwa mkono kwa uangalifu kama huo. Jozi ziwekwe nyuma ya kila bawaba, nyuma ya kitasa na karibu na miguu. Skrubu au msumari wa kufungia upite mahali penye kabari, kwani ukikazwa penye uwazi mtupu utauvuta mwimo kuelekea ukutani na kuuacha na tumbo.

Mwimo wa kitasa hufuata, nao unapimwa kwa timazi, lakini kipimo chake kikubwa zaidi ni uhusiano wake na mwenzake. Vuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona kwenye uso wa fremu. Zikigusana kidogo tu katikati, miimo iko kwenye bapa moja. Zikiachana, fremu imesokotwa. Zikigusana, bado zipishanishe, iliyokuwa juu iwe chini, maana uzi wa juu unaweza kuwa unaukandamiza wa chini na kuficha kosa. Msokoto ni mbaya kuliko kuinama. Miimo yote miwili ikiinamia chumbani milimita 4, mlango utafunga vizuri, japo utapenda kujifungua. Lakini mmoja ukiinamia ndani milimita 4 na mwingine nje milimita 4, ubawa utagusa kidato kwenye kona moja na kuacha mwanya wa milimita 8 kwenye nyingine, na hakuna randa itakayoliponya hilo.

Kuna pingamizi linalostahili jibu: ukuta wenyewe ukiwa umelala, fremu iliyosimama wima itaonekana imetokeza juu au imezama chini, na mwenye nyumba atasema imepinda. Ni kweli itaonekana. Kama plasta bado haijapigwa, unene wake ubadilike taratibu kutoka juu hadi chini na tofauti ya milimita 10 haitajulikana. Kama imeshapigwa, ubao wa kufunika kiungo utawekewa kipande kilichochongwa kwa mteremko nyuma yake. Nakubali kwamba ukuta uliolala milimita 2 au 3 katika urefu wa mlango unaweza kufuatwa bila madhara, kwa sharti kwamba miimo yote miwili inaufuata kwa pamoja. Zaidi ya hapo, kasoro ya macho inafichika, ya mlango haifichiki.

Pingamizi la pili ni la waashi wanaoisimamisha fremu kwanza na kujenga ukuta wakiizunguka, huku vipande vya bati vilivyopigiliwa kwenye miimo vikiingia kwenye viungo vya tofali. Njia hiyo inashika sana, na kwa mlango mzito wa nje ina faida. Gharama yake ni kwamba mbao hukaa majuma kadhaa kwenye udongo, mvua na saruji mbichi, na toroli hupita katikati yake kila siku. Kila safu ya tofali nayo ni nafasi mpya ya kuisukuma. Anayeichagua apime timazi upya kila baada ya safu mbili tatu, wala asitegemee ile ya siku ya kwanza.

Wapo pia wanaoona kabari ni za muda tu, wakajaza saruji na kuzing'oa. Saruji iliyojazwa kwa nguvu nyuma ya mwimo huusukuma kabla haijashika, na ikishakauka haiutegemezi mahali ambapo skrubu inavuta. Acha kabari zilizo penye skrubu zibaki humo, ukate ncha zinazotokeza, kisha ujaze mchanganyiko mkavu kiasi wa saruji na mchanga kwa awamu, ukipima timazi kati ya awamu moja na nyingine. Ubao wa muda wa chini usitolewe mpaka saruji ishike, ikipewa angalau juma moja, na siku ya kuutoa pima tena upana wa juu, katikati na chini kabla ya kufunga bawaba ya kwanza.