Kelele za 80 na 100, Wastani Wake Si 90

Fundi wa mageti katika karakana moja ya bati ana siku yenye nusu mbili. Asubuhi anapima, anakata kwa msumeno wa mkono na kupaka rangi, na kelele inayofika sikioni mwake ni desibeli 80. Baada ya chakula cha mchana anawasha grinda, na kwa saa nne zilizobaki chuma kinalia kwa desibeli 100. Tuseme mkaguzi mwenye haraka anajumlisha 80 na 100, anagawa kwa mbili, anapata 90. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika saa 24. Karakana imepona, japo kwenye ukingo kabisa.

Kwa kweli haijapona. Kinachopimwa na kanuni hizo ni kiwango sawa cha mfululizo, yaani kelele moja isiyopanda wala kushuka ambayo ingemfikishia fundi nishati ile ile ya sauti aliyoipokea siku nzima. Kwa fundi huyu kiwango hicho ni desibeli 97.

Hizo desibeli saba zimetoka wapi? Desibeli ni logi. Kipimasauti hulinganisha nguvu ya sauti na sauti hafifu kabisa ambayo sikio zima linaweza kuisikia, huchukua logi ya uwiano huo, kisha huzidisha kwa 10. Kwa hiyo desibeli 80 ni nguvu mara milioni 100 ya sauti ile hafifu, kwa sababu logi ya milioni 100 ni 8. Desibeli 100 ni mara bilioni 10. Mkaguzi akiona 80 na 100 anadhani vitu viwili vinavyokaribiana, kumbe grinda inamwaga sikioni nishati mara 100 ya ile ya asubuhi. Wastani wa bilioni 0.1 na bilioni 10 ni bilioni 5.05. Logi yake ni 9.703, na mara 10 inakuwa 97.

Mkaguzi alitafuta wastani wa logi, wakati kanuni inataka logi ya wastani. Tena kosa lake halikuegemea upande huo kwa bahati mbaya. Kila atakayelifanya atapata jibu dogo kuliko linalotakiwa, isipokuwa kelele ikiwa ile ile tangu asubuhi hadi jioni. Wastani wa logi hauwezi kuuzidi logi ya wastani, na sababu inaonekana kwenye umbo la grafu.

Grafu ya logi inapanda daima, ila kwa kasi inayopungua. Kutoka 1 hadi 10 imepanda hatua moja. Ili ipande hatua ya pili inabidi iende mpaka 100, na ya tatu mpaka 1,000. Mchoro wake umepinda kuelekea chini, na mpindo huo ndio kiini cha jambo zima. Ukiweka rula iguse grafu ya namna hii kwenye nukta moja tu, sehemu nyingine zote za grafu zinabaki chini ya rula, kushoto na kulia.

Sasa chukua namba tatu: 2, 4 na 12. Wastani wake ni 6, na logi ya 6 ni 0.7782. Weka rula iguse grafu pale juu ya 6. Mwinuko wa grafu mahali hapo ni 0.0724 kwa kila hatua moja ya kwenda kulia, basi ni rahisi kusoma rula iko juu kiasi gani. Juu ya 2, rula iko kwenye 0.4887, wakati logi halisi ni 0.3010. Juu ya 4, rula inasoma 0.6334, logi ni 0.6021. Juu ya 12, rula iko 1.2125, logi ni 1.0792. Mara zote tatu logi imebaki chini.

Kinachofuata ndicho kinachomaliza ubishi. Wastani wa masomo matatu ya rula ni 0.7782, sawasawa na logi ya 6. Si ajabu: rula imenyooka, na namba zinazopungua kuliko wastani hupungua kwa jumla ile ile ambayo nyingine huzidi. Hapa 2 na 4 zimepungukiwa na 4 na 2, nayo 12 imezidi kwa 6. Alichopoteza huyu amekipata yule. Ikiwa kila logi iko chini ya rula yake, wastani wa logi lazima uwe chini ya wastani wa rula. Kwa hesabu, wastani wa logi hizo ni 0.6608. Hoja haijali namba ni tatu au elfu tatu, mradi zote ni kubwa kuliko sifuri, maana sifuri na namba hasi hazina logi.

Aliyeipa hoja hii sura pana, kwa grafu yoyote yenye mpindo wa upande mmoja, ni Mdenmaki Johan Jensen, katika makala aliyoichapisha mwaka 1906. Hakuwa profesa, riziki yake aliipata kwa kampuni ya simu ya Kopenhageni. Desibeli nayo ilizaliwa na wahandisi wa simu, waliolitoa jina lake kwa Alexander Graham Bell.

Ukubwa wa pengo hutegemea namba zimetawanyika kiasi gani. Logi za 9 na 11 zina wastani wa 0.9978, karibu kabisa na 1, ambayo ni logi ya wastani wao, 10. Badala yake chukua 1 na 19, ambazo wastani wake ni 10 vilevile, na wastani wa logi unaanguka hadi 0.6394. Ndiyo maana mkaguzi angeponea kwenye kiwanda chenye mngurumo wa aina moja, lakini kwa grinda inayowashwa na kuzimwa anapotea vibaya. Ili siku ya fundi isizidi desibeli 90, grinda hiyo ingeruhusiwa kulia kwa dakika 43 tu, si saa nne.

Hata hivyo wastani wa logi si hesabu mbovu. Unajibu swali jingine. Mtu aweke shilingi 100,000, mwaka wa kwanza zipande kwa asilimia 50, wa pili zishuke kwa asilimia 40. Wastani wa kawaida unasema amepata faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Mfukoni ana 90,000. Fedha huzidishwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hapa logi ndizo za kutafutiwa wastani: logi ya 1.5 ni 0.1761, ya 0.6 ni −0.2218, wastani −0.0229, yaani hasara ya asilimia 5 na ushee kila mwaka. Anayekuuzia uwekezaji kwa kutaja wastani wa faida ya kila mwaka, muulize ameupataje, na umwombe akuonyeshe salio la mwanzo na la mwisho.