Siku nne za kazi, mshahara ule ule: siku moja na saa moja zina bei gani?

Katika Ubundu wengi wanachimba almasi na dhahabu kwa mikono, na wanagawana kile shimo linatoa. Hao hawana mshahara wa mwezi. Lakini kila familia karibu iko na mtoto au mukwe aliyekwenda kutafuta kazi ya mkataba, kwenye kompani ya madini ao kwenye kompani ndogo zinazoihudumia. Huko ndiko neno hili linasikika: kufanya kazi siku nne kwa juma, kila siku saa nyingi, na mshahara wa mwezi kubaki vile ulikuwa. Kwa mutu ambaye nyumba yake iko mbali, siku tatu za kupumuzika ni kitu kikubwa. Lakini bibi anayengoja makuta nyumbani anauliza swali la haki: kama mshahara haukupanda na haukushuka, kwa nini kwenye karatasi ya mshahara hesabu zimebadilika?

Jibu liko katika bei mbili: bei ya siku na bei ya saa. Tuzitafute pole pole, kwa mfano mmoja.

Tuseme kuna fundi wa mashini mwenye mshahara wa msingi wa franka 780.000 kwa mwezi. Tunasema mshahara wa msingi, maana yake bila makuta ya watoto, ya nyumba wala ya transporti. Hayo sheria ya kazi ya Kongo haiyahesabu kama mshahara, na mutu akiyachanganya ndani, hesabu yote inapotea toka mwanzo.

Zamani fundi huyu alifanya kazi siku sita kwa juma, saa 7 na nusu kila siku. Sita mara saa 7 na nusu ni saa 45, na ndiyo mwisho wa saa za juma katika sheria yetu ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 119. Sasa, mwezi mmoja una siku ngapi za kazi? Usihesabu kwa kalenda ya mwezi huu, kwa sababu Februari na Machi haziko sawa. Chukua mwaka muzima: majuma 52 mara siku 6 ni siku 312. Gawanya kwa miezi 12, unapata 26. Hapo ndipo ile namba 26 ya makarani inatoka. Kwa saa vilevile: 52 mara 45, gawanya kwa 12, ni saa 195 kwa mwezi.

Basi bei ya zamani ni hii: 780.000 gawanya kwa 26, siku moja ni franka 30.000. Na 780.000 gawanya kwa 195, saa moja ni franka 4.000.

Sasa wanampanga siku nne. Saa ni zile zile 45, kwa hiyo kila siku inakuwa saa 11 na robo. Siku za mwaka ni 52 mara 4, yaani 208. Mshahara wa mwaka ni 780.000 mara 12, yaani 9.360.000. Gawanya kwa 208: siku moja sasa ni franka 45.000. Gawanya tena 45.000 kwa saa 11 na robo: saa moja ni franka 4.000.

Angalia vizuri. Bei ya siku imepanda toka 30.000 mpaka 45.000, lakini si kwamba fundi ameongezewa, hapana. Siku yenyewe ndiyo imekuwa ndefu. Bei ya saa ndiyo haikusonga, na ndiyo kipimo cha kweli. Kama saa za juma zimebaki zile zile na mshahara ni ule ule, bei ya saa lazima ibaki ile ile. Ikishuka, kuna kitu kimeingia ndani ya hesabu.

Kitu cha kwanza kinachoingia ni karani kuacha 26 pale pale. Anachukua siku 26 za zamani, anazizidisha na saa 11 na robo za sasa, anapata saa 292 na nusu kwa mwezi. Akigawanya 780.000 kwa hizo, saa moja inatoka karibu franka 2.667. Mshahara wa mwezi hauonyeshi kosa, kwa sababu 780.000 inalipwa yote. Kosa linaonekana siku fundi anaitwa kufanya saa za ziada: kila saa imepungukiwa franka 1.333 hata mbele ya kuweka nyongeza ya sheria. Kwa hiyo usiangalie jumla ya chini peke yake. Angalia mustari wa saa za ziada, na uulize bei ya saa imetoka wapi.

Kitu cha pili ni saa ya kula, na hii ni ngumu zaidi kuiona. Saa 11 na robo zinakaa vizuri ndani ya zamu ya saa 12: unaingia saa kumi na mbili asubuhi, unatoka saa kumi na mbili jioni, katikati dakika 45 za kula. Kama dakika hizo ni zako kweli, unaacha mashini na unakwenda kukaa, hesabu yetu ni sawa. Lakini kama kapita anasema ukulie pale pale, jicho kwenye mashini, hiyo haiko mapumziko. Sheria inahesabu wakati wote mfanyakazi yuko mahali pa kazi mikononi mwa mwenye kazi. Hapo siku yako ni saa 12, na juma ni saa 48. Saa za mwezi zinakuwa 52 mara 48, gawanya kwa 12, yaani 208. Gawanya 780.000 kwa 208: saa moja ni franka 3.750. Umepoteza franka 250 kwa kila saa, bila mutu kugusa mshahara wako. Kwa namna ingine ya kusema, umetoa saa 13 za bure kila mwezi, na kwa bei ya 4.000 hizo ni franka 52.000.

Na wale wanaolipwa kwa siku? Wabeba mizigo, wapishi wa kambi, walinzi wa kibarua, hao hawana mshahara wa mwezi wa kuwakinga. Kama mutu alikuwa anapata 30.000 kwa siku, siku sita zilimpa 180.000 kwa juma. Wakimpunguzia mpaka siku nne ndefu na kumwachia 30.000, atapata 120.000, na saa zake ni zile zile 45. Kwake yeye bei ya siku lazima ibadilike ndani ya mapatano mbele ya kuanza: 45.000, ao hesabu ya saa kwa 4.000.

Kuna mahali ambapo bei mpya ya siku inauma, na ni haki iume. Fundi akikosa siku moja bila sababu, zamani walimkata 30.000. Sasa watamkata 45.000, kwa sababu amekosa saa 11 na robo. Huo si wizi. Wizi ni kama wanakata 45.000 kwa siku aliyokosa, lakini siku ya likizo wanailipa 30.000. Siku moja haiwezi kuwa na bei mbili.

Likizo nayo inataka kugeuzwa. Sheria inampa mutu mzima siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili wa kazi, yaani siku 12 kwa mwaka, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano kwa mwenye kazi yule yule. Siku 12 za zamani, za saa 7 na nusu, ni saa 90. Gawanya 90 kwa saa 11 na robo, unapata siku 8. Fundi anaweza kulia kwamba wamemwibia siku nne, lakini tuhesabu kwa juma: siku 12 za juma la siku sita ni majuma mawili, na siku 8 za juma la siku nne ni majuma mawili vilevile. Atabaki nyumbani muda ule ule. Ili kusiwe na matata, ni vizuri likizo iandikwe kwa saa, hapana kwa siku.

Sasa tufike kwenye kifungu cha 119 chenyewe, kwa sababu hakisemi saa 45 kwa juma tu. Kinasema pia saa 9 kwa siku, na kazi inayopita hapo iongezewe malipo. Katika siku ya saa 11 na robo, saa 2 na robo zinapita mpaka huo. Kwa siku nne ni saa 9 kila juma. Nyongeza ya sheria ni asilimia 30 kwa saa sita za kwanza, na asilimia 60 kwa zinazofuata. Kwa fundi wetu: saa sita mara 4.000, asilimia 30 yake ni 7.200. Saa tatu mara 4.000, asilimia 60 yake ni 7.200 tena. Jumla 14.400 kwa juma, ao 62.400 kwa mwezi, juu ya 780.000.

Mwenye kazi anaweza kujibu kwamba iko na ruhusa ya kupanga zamu ndefu. Ruhusa kama hizo ziko kwa kazi fulani, lakini ziko kwa maandishi. Delege wa sindika aombe kuona karatasi, na kama kuna mashaka, ispekta wa kazi ndiye wa kuisoma.

Hata Ubelgiji, ambako sheria ya siku nne ilianza kufanya kazi Novemba 2022, walilazimika kwanza kufungua mpaka wa saa za siku. Juma lao la saa 38 likigawanywa kwa nne ni saa 9 na nusu kwa siku, na sheria ikaandika hivyo. Tena ni mfanyakazi mwenyewe anayeomba kwa barua, kwa miezi sita, kisha anaweza kuomba tena. Haiwezi kutoka kwa mukubwa wa kazi peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi ya mapatano: saa za kila juma, wakati wa kula na kama uko ndani ya saa za kazi ao inje, na bei ya saa moja. Bei ya siku kila mutu ataipata mwenyewe, hata nyumbani, kwa telefone: mshahara wa msingi mara 12, gawanya kwa 208.