Bolti Sita, Mzigo Mmoja Uliokaa Pembeni

Katika karakana ya mitambo, bamba la chuma limefungwa kwa bolti 6 kwenye uso wa nguzo. Bolti zimepangwa mistari miwili, tatu kushoto na tatu kulia. Upande wa kulia bamba limechomoza nje ya nguzo, na kwenye ncha yake kuna tundu linaloshika ndoano ya winchi ya mnyororo. Limechomozwa makusudi, ili mota au gia boksi inayoinuliwa isigonge nguzo. Ukimuuliza aliyelifunga kila bolti inabeba kiasi gani, mara nyingi atajibu bila kusita: mzigo wote, gawanya kwa sita.

Jibu hilo lingekuwa sahihi kama ndoano ingening'inia katikati kabisa ya zile bolti. Haining'inii hapo. Iko kando, na umbali huo mdogo unaifanya bolti moja ibebe zaidi ya mara nne ya kiasi alichokitaja.

Mtu anaweza kuliona jambo hili kwa ubao na msumari. Pigilia ubao ukutani kwa msumari mmoja wa katikati, kisha uubonyeze ncha ya kulia. Ubao utazunguka: kulia unashuka, kushoto unapanda. Ongeza misumari mingine na ubao hautazunguka tena, lakini hamu yake ya kuzunguka haijaondoka. Imezuiwa na misumari, na kila msumari unalipia kwa kusukumwa upande wake. Wa kulia unasukumwa chini, wa kushoto juu, wa juu unasukumwa kulia na wa chini kushoto. Bolti za karakana zinafanya kazi hiyo hiyo. Zinabeba uzito, na papo hapo zinalizuia bamba lisizunguke.

Tuchukue vipimo. Bolti za kushoto na za kulia zimeachana sentimita 10, kwa hiyo kila moja iko sentimita 5 kutoka mstari wa katikati. Kwenda juu, bolti zimeachana sentimita 7.5. Katikati ya zote sita ndipo kilipo kitovu, na hapo hakuna bolti yoyote. Ndoano iko sentimita 25 kulia kwa kitovu hicho. Mzigo mkubwa unaotarajiwa ni kama tani 4, yaani takriban kilonyutoni 40. Wahandisi hawaupimi mzigo wa aina hii ulivyo. Huuzidisha kwanza kwa 1.5 ili kuacha nafasi ya usalama. Hesabu basi inaanza na kilonyutoni 60.

Sehemu ya kwanza ni ile ya fundi wetu: 60 gawanya kwa 6, kila bolti inasukumwa chini kwa kilonyutoni 10.

Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika. Nguvu ya kuzungusha ni mzigo mara umbali wake kutoka kitovuni: 60 mara 25, ni 1,500. Bolti haziigawani sawa. Iliyo mbali na kitovu inasogezwa zaidi bamba linapojaribu kuzunguka, kwa hiyo inapokea zaidi, kwa uwiano wa umbali wake. Ili kupata uwiano huo, umbali wa kila bolti kutoka kitovuni unapigwa mraba na yote yanajumlishwa. Kwa upande wa kulalia, bolti sita zina sentimita 5 kila moja: 25 mara 6 ni 150. Kwa upande wa kusimama, bolti nne za pembeni zina sentimita 7.5: 56.25 mara 4 ni 225. Mbili za katikati ziko usawa wa kitovu, hazina cha kuongeza. Jumla ni 375.

Sasa 1,500 gawanya kwa 375, unapata 4. Namba hiyo ndogo ndiyo moyo wa hesabu nzima: kila sentimita ya umbali kutoka kitovuni inaigharimu bolti kilonyutoni 4. Sentimita 5 za pembeni zinaleta kilonyutoni 20 za kusukuma juu au chini. Sentimita 7.5 za juu au chini zinaleta kilonyutoni 30 za kusukuma kulia au kushoto.

Iangalie bolti ya juu kulia. Uzito unaisukuma chini kwa 10, na mzunguko nao unaisukuma chini kwa 20. Zimekuwa 30. Mzunguko huo huo unaisukuma kulia kwa 30. Nguvu mbili zinazokutana kwa pembe mraba hazijumlishwi kichwa kichwa; zinaunganishwa kama pande za pembetatu, yaani 30 kwa mraba, jumlisha 30 kwa mraba, kisha kipeuo cha pili. Jawabu ni kilonyutoni 42.4. Bolti ya chini kulia inapata kiasi hicho hicho, ila yenyewe inasukumwa kushoto.

Upande wa kushoto mambo ni tofauti, kwa sababu huko mzunguko unapandisha na uzito unashusha, na viwili hivyo vinapunguzana. Bolti za pembeni kushoto zinabaki na kilonyutoni 31.6. Ile ya katikati kushoto ina 10 tu, tena inasukumwa kwenda juu ingawa mzigo unaning'inia chini. Kwa hiyo anayetafuta bolti iliyozidiwa hana haja ya kuhesabu zote sita. Aanze na zilizo mbali na kitovu, kisha kati ya hizo achague zile za upande ulio na mzigo.

Hatua inayofuata ni kuuliza bolti yenyewe inaweza nini. Bamba na nguzo zinaikata bolti kama mkasi, bamba likivuta huku na nguzo ikishikilia kule. Kichwani mwa bolti nyingi za vipimo vya metriki kumechapwa namba mbili, 4.6 au 8.8. Namba ya kwanza mara 100 ndiyo nguvu ya chuma chake, katika nyutoni kwa kila milimita ya mraba, kabla hakijakatika kwa kuvutwa: 400 kwa ya kwanza, 800 kwa ya pili. Kwa kukatwa, kanuni za Ulaya za ujenzi wa chuma zinaruhusu kutumia asilimia 60 ya nguvu hiyo kwa bolti za madaraja haya mawili, kisha zinagawanya kwa 1.25.

Bolti ya M16 imekonda kwenye hesi zake. Chuma kinachohesabika hapo ni milimita za mraba 157. Ikiwa ni ya 4.6, uwezo wake ni kilonyutoni 30.1. Kwa hesabu ya kugawanya kwa sita, kilonyutoni 10 mbele ya 30.1 ni usalama wa mara tatu. Kwa hesabu kamili, 42.4 mbele ya 30.1 ni kufeli. Bolti ya M16 ya 8.8 inafika 60.3 na inapita vizuri, katika matundu yale yale.

Hapa pana mtego mwingine. Mafundi wengi huitaja bolti kwa namba ya spana yake. M16 ya kawaida hufungwa kwa spana 24, na iwe ya 4.6 au ya 8.8, spana ni hiyo hiyo. Anayeagiza dukani kwa spana peke yake anaweza kurudi na bolti yenye nusu ya nguvu iliyokusudiwa, na kwa macho ya mbali zinafanana. Isiyo na chapa kabisa kichwani haifai kuhesabiwa kuwa 8.8.

Kosa la kipimo nalo halitoi kelele. Tuseme uso wa nguzo una upana wa sentimita 20. Mtu anaweka futi kwenye ukingo wa nguzo, anapima hadi ndoano, anaandika sentimita 15. Amepima kwa uaminifu, ila ameanzia mahali pasipo pake. Kutoka ukingoni hadi kitovuni kuna sentimita 10 alizoziacha. Kwa 15, nguvu ya kuzungusha inakuwa 900, kila sentimita inagharimu 2.4, na bolti iliyozidiwa inatoka na 28.4. Mbele ya 30.1, bolti dhaifu inaonekana imepita. Karatasi inatoka safi, na mzigo unaning'inizwa kwenye bolti zilizofeli.

Je, zitakatika siku hiyo? Kwa kawaida hapana, na hapo ndipo hatari inapojificha. Tani 4 zenyewe, bila kuzidishwa kwa 1.5, zinaipa bolti ya juu kulia kilonyutoni 28.3. Bila ile kinga ya 1.25, bolti hiyo hukatika karibu na 37.7. Mzigo utainuka, mota itafungwa, kazi itaendelea. Lakini chuma cha 4.6 kwenye nguvu hiyo kimeshapita kiwango cha kurudi katika umbo lake. Kinajikunja kidogo kabisa na kubaki hivyo, na sehemu ya mzigo wake inahamia kwa bolti jirani. Nafasi iliyobaki ni kama theluthi moja tu. Mnyororo ukishtuka ghafla, au siku moja ukiletwa mzigo wa tani tano na nusu, nafasi hiyo imekwisha.

Kuna njia kadhaa za kurekebisha. Kubadili bolti kuwa 8.8 ni ya haraka. Kutanua matundu ya juu na ya chini, kila moja sentimita 2.5 zaidi kutoka kitovuni, kunashusha 42.4 hadi 36 bila kuongeza hata bolti moja, ingawa kwa 4.6 bado haitoshi. Kinachosaidia zaidi ni kuvuta ndoano karibu. Ikiwa kweli iko sentimita 15 kutoka kitovuni, hata zile bolti dhaifu zinapita, kwa nafasi ndogo.

Hesabu hii ina mipaka yake. Inadhani bamba ni gumu, bolti zote ni sawa, na mzigo uko kwenye usawa wa bamba lenyewe. Ndoano ikichomoza mbele, mbali na uso wa bamba, bolti za juu zinavutwa kung'olewa pia, na hiyo ni hesabu nyingine. Bamba jembamba nalo linaweza kupasuka kwenye matundu kabla bolti haijakatwa, kwa hiyo nalo hukaguliwa. Mwaka 1971 Crawford na Kulak walichapisha njia inayofuata jinsi bolti zinavyojikunja hadi mwisho wa nguvu zake, na kwa kawaida inaonyesha kundi la bolti lina uwezo zaidi kidogo kuliko hesabu hii. Hii ya kitovu bado inatumika kwa sababu inaelekea upande wa usalama, na inatosha kalamu na karatasi.

Kwa bamba ambalo limeshafanya kazi, dalili ziko pale pale hesabu inapoelekeza. Matundu ya M16 kwa kawaida hutobolewa milimita 18, hivyo bamba lina nafasi ya kuteleza kabla bolti haijaligusa. Likiteleza, rangi inakatika kwenye ukingo wa bamba na alama ya mkwaruzo inajikunja kama upinde. Shusha mzigo wote, fungua bolti ya juu kulia na uipitishe ukucha pale bamba lilipokutana na nguzo. Ukikwama kwenye kidaraja kidogo, bolti hiyo hairudishwi, na bolti ya chini kulia ndiyo inayofuata kufunguliwa.